Kifungu chenye sura mbili

"Mpangaji atagharimia matengenezo madogo madogo ya nyumba pamoja na mfumo wa maji na umeme."

Sentensi ya namna hii si ngeni kwa aliyewahi kusaini mkataba wa pango. Ukiipitia haraka haina shida yoyote. Ukirudi kuisoma taratibu, ina sura mbili. Sura ya kwanza inasema mpangaji anabeba matengenezo madogo madogo tu, yawe ya nyumba, ya maji au ya umeme. Sura ya pili inasema anabeba matengenezo madogo madogo ya nyumba, na juu ya hayo anabeba mfumo mzima wa maji na umeme, uharibike kidogo au uharibike wote.

Tuseme nyumba hiyo imepangishwa kwa shilingi 400,000 kwa mwezi, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mwezi wa tano pampu inayovuta maji kisimani inaungua, na fundi akiichunguza anagundua kuwa bomba lililopita chini ya sakafu nalo limepasuka. Kazi yote ni shilingi 1,300,000, zaidi ya kodi ya miezi mitatu. Mama mwenye nyumba anapigiwa simu.

"Baba Asha, mkataba uliusaini mwenyewe. Mfumo wa maji ni juu yako."

"Mama, mimi nilisaini matengenezo madogo madogo. Kupasua sakafu nalo ni jambo dogo?"

Hakuna anayedanganya hapo. Kila mmoja ana sentensi mkononi inayomuunga mkono, na ni sentensi ile ile. Shauri likifika baraza la ardhi na nyumba au mahakamani, mwamuzi lazima achague usomaji mmoja. Mojawapo ya nyenzo alizonazo ni kanuni ya zamani sana: maneno yakibaki na utata, yanasomwa dhidi ya yule aliyeyaleta. Huyo, katika mikataba ya pango, mara nyingi ni mwenye nyumba.

Kanuni hii ilihusu pango tangu mwanzo. Papinianus, mwanasheria wa Kirumi aliyeuawa mwaka 212, aliandika kwamba hata kwa wanasheria waliomtangulia mapatano yasiyoeleweka yalimuumiza muuzaji na mpangishaji. Sababu aliyoitoa ni nyepesi: hao ndio waliokuwa na uwezo wa kuyaandika kwa uwazi zaidi. Angalia kwamba hakutaja utajiri wa mtu wala unyonge wa mwenzake. Alitazama nani alikuwa na nafasi ya kuuzuia mgogoro kwa kuongeza maneno mawili matatu, naye hakuyaongeza.

Majaji wa Uingereza waliifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1803 waliamua kesi ya pango lililoandikwa kuwa la miaka 7, 14 au 21, bila kutamka ni nani mwenye haki ya kuchagua. Mwenye mali angeweza kumtoa mpangaji mwaka wa saba, au ni mpangaji peke yake anayeweza kuondoka? Mahakama ilisema uchaguzi ni wa mpangaji peke yake, kwa sababu hati ya anayetoa haki husomwa kwa kumbana yeye aliyeitoa. Kama mwenye mali alitaka naye awe na mlango wa kutokea, angeandika hivyo. Kenya na Tanzania zilipopokea sheria za Kiingereza wakati wa ukoloni, namna hii ya kusoma hati iliingia pamoja nazo, na mahakama zetu huitumia hadi leo.

Hata hivyo Baba Asha asishangilie mapema. Kosa kubwa la watu wanaoisikia kanuni hii kwa mara ya kwanza ni kudhani kwamba ndiyo mlango wa kuingilia. Ni mlango wa mwisho. Mwamuzi huanza na maneno yenyewe katika maana yake ya kawaida, kisha huusoma mkataba wote. Kama kifungu kingine kinasema mwenye nyumba "atahakikisha maji yanapatikana wakati wote", utata wa kile cha kwanza unaweza kuisha hapo hapo, bila kumbana mtu yeyote. Kama kuna maneno yaliyoongezwa kwa kalamu pembeni mwa fomu iliyochapwa, na mawili hayo yanapingana, ya kalamu hupewa uzito zaidi, kwa kuwa ndiyo waliyoyafikiria wahusika siku ile.

Halafu hutazamwa hali ilivyokuwa siku ya kusaini, katika mambo ambayo pande zote mbili ziliyajua. Pampu ilikuwa mpya au kuukuu? Nyumba ina mpangaji mmoja, au kisima kinahudumia wapangaji sita? Ni vigumu kuamini kwamba mmoja kati ya sita alikubali kuvaa peke yake mzigo wa kisima cha wote. Lakini mazungumzo ya mdomo na dalali, yale ya "usijali, hayo mengine mama huwa anashughulikia", kwa kawaida hayaruhusiwi kubadili kilichoandikwa na kusainiwa.

Lipo jambo moja linalowashangaza wengi. Tuseme pampu hiyo ilishawahi kusumbua mwezi wa pili, na mama mwenye nyumba akalipa bila kelele. Mtu wa kawaida atasema kesi imekwisha, kwa matendo yake mwenyewe ameonyesha maana ya kifungu. Mahakama zinazofuata mapokeo ya Kiingereza huwa nzito kulipokea hilo. Hoja yao ni kwamba mkataba una maana ile ile tangu siku uliposainiwa, haubadiliki maana kwa sababu mtu alikuwa mkarimu mwezi mmoja. Mimi naiona hoja hiyo kuwa safi kwenye karatasi kuliko mtaani, lakini ndivyo ilivyo. Risiti za mwezi wa pili zinaweza kumfaa mpangaji kwa hoja nyingine, ila si nguzo ya kuegemea katika kufasiri maneno.

Sheria yenyewe nayo hujaza mapengo. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inaingiza katika mikataba ya pango ahadi za mwenye nyumba ambazo pengine hakuziandika kabisa. Kwa mfano, anapopangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni juu yake kuvitunza. Ikiwa mgogoro ungekuwa wa paa linalovuja kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga, huenda tusingefika hata kwenye utata wa sentensi.

Ni pale tu hatua zote hizi zinapokwisha, na sura mbili bado zimesimama zikiwa na nguvu sawa au karibu sawa, ndipo mwamuzi anapouliza: nani aliyeileta karatasi hii? Jibu halitegemei nani aliipiga chapa. Fomu inaweza kuwa imenunuliwa steshenari na kujazwa na dalali. Anayehesabiwa ni yule ambaye masharti yale yalitolewa kwa niaba yake na kumlinda yeye, akamwekea mwenzake mezani na kumwambia asaini hapa. Katika mfano wetu ni mama mwenye nyumba. Basi sura inayomwelemea yeye ndiyo inayoshika: mpangaji atabadilisha balbu, soketi iliyolegea na koki inayodondosha maji, pampu iliyoungua na bomba la chini ya sakafu ni vya mama. Kifungu hakikufutwa, kimesomwa kwa upana mdogo kati ya miwili iliyokuwa ikiwezekana. Mpangaji akitumia ushindi huo kukataa kununua hata koki, amepitiliza, na hapo atashindwa.

Ukivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo, unakuta wazo hilo likiwa limevaa nguo nyingine. Sheria ya mikataba ya mwaka 1888, iliyotokana na ile ya Wafaransa na Wabelgiji, inaelekeza kwamba penye shaka mkataba usomwe dhidi ya aliyeweka sharti na kwa faida ya aliyejifunga kulitimiza. Swali huko si nani alishika kalamu, ni nani anabebeshwa wajibu. Kwa pampu yetu, jibu la Bukavu na la Dar es Salaam lingetoka lile lile, ila kwa njia mbili tofauti.

Sasa tazama mahali kanuni hii inapoishiwa nguvu. Oxwich, kwenye rasi ya Gower kusini mwa Wales, kuna nyumba ndogo 91 za mapumziko zilizokodishwa kwa miaka 99. Mikataba 25 kati ya hiyo ilidai mchango wa huduma wa pauni 90 kwa mwaka wa kwanza, ukipanda kwa asilimia 10 kila mwaka, na ongezeko la kila mwaka likihesabiwa juu ya lile lililotangulia. Miaka ya sabini, mfumuko wa bei ulipokuwa mkali, hilo halikumshtua mtu. Lakini piga hesabu: kwa pango lililoanza mwaka 1980, mchango ulikuwa umezidi pauni 2,500 mwaka 2015, na ifikapo 2072 utazidi pauni 550,000 kwa mwaka, kwa kibanda cha likizo. Wapangaji walisema kifungu kile kina utata, kwa sababu kilianza kwa kutaja "sehemu" ya gharama za mwenye mali kabla ya kutaja kiasi. Walidai kisomwe kwamba wanalipa sehemu yao halali ya gharama, na kiasi kilichotajwa ni ukomo tu.

Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwakatalia mwaka 2015. Jaji Neuberger alieleza kwamba maneno yalikuwa wazi vya kutosha, na ubaya wa matokeo hauyafanyi maneno kuwa na utata. Jaji Carnwath peke yake alipinga, akiona kuna kasoro katika uandishi inayoruhusu usomaji mwingine. Kwa mtu wa nje inauma, na nakiri moyo wangu uko upande wa Carnwath. Lakini wengi walishika msimamo kwamba kazi ya jaji si kumwokoa mtu na mapatano mabaya aliyoyaingia. Utata lazima uwemo ndani ya sentensi kwanza. Uchungu wa kulipa hauuzalishi.

Kanuni hudhoofika pia pale ambapo pande zote mbili ziliandika pamoja. Pango la ghorofa nzima kati ya kampuni mbili, ambapo mawakili wa kila upande wametumiana rasimu mara kadhaa, halina "aliyeileta karatasi" wa kunyooshewa kidole. Ndiyo maana mikataba ya makampuni makubwa siku hizi hubeba kifungu kinachotamka kwamba pande zote zimeshiriki kuuandaa na hakuna atakayesomewa maneno dhidi yake. Ukikiona kifungu hicho kwenye pango la chumba na sebule, ujue mwenye nyumba amepitia kwa wakili.

Tena kalamu hubadilisha mikono. Baba Asha, akiwa amejifunza, anapohuisha mkataba anaomba mstari wake uongezwe, na mama anakubali: "Mpangaji ataruhusiwa kutumia uwanja kwa biashara ndogo." Miezi miwili baadaye amejenga kibanda cha mabati na kuajiri mafundi wawili wa kuchomelea. Je, biashara ndogo ni meza ya chipsi au ni karakana? Mama akienda baraza la wilaya kumlalamikia, na maneno hayo yakaonekana kubeba maana zote mbili, safari hii yatasomwa dhidi ya Baba Asha.