Vipele vya Paji la Uso Vinavyokataa Dawa za Chunusi

Chunusi za kawaida hazifanani. Ukimtazama kwa karibu mtu mwenye chunusi, utaona kipele chenye usaha hapa, uvimbe mgumu unaouma pale, na katikati yake vidoa vyeusi, yaani vinyweleo vilivyozibwa na mafuta ya ngozi. Vingine vinaanza, vingine vinapona, vingine vimeshaacha makovu.

Sasa mtazame mtu mwingine. Paji lake lote la uso limejaa vipele vidogo vinavyolingana kama punje za ulezi, kila kimoja milimita moja au mbili, vimepanda hadi kwenye mstari wa nywele. Huoni kidoa cheusi hata kimoja. Ukimuuliza, atakwambia vinamuwasha, tena zaidi akitoka jasho. Mara nyingi ukikagua kifua, mabega na sehemu ya juu ya mgongo utavikuta vipele vya sura ileile. Huyu naye anajiita mwenye chunusi, na kabati lake limejaa dawa za chunusi. Kwa kweli anaugua fangasi ndani ya vinyweleo.

Fangasi huyo anaitwa Malasezia, jina lililotokana na daktari Mfaransa Louis-Charles Malassez, aliyemweleza mwaka 1874. Ni wa jamii ya hamira, na anaishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu mzima bila kumdhuru. Ndiye anayehusika na mba wa kichwani, na ndiye anayeleta yale mabaka meupe au ya kahawia ya kifuani na mgongoni. Kwa hiyo hukuambukizwa na mtu, wala hakuja kwa sababu ya uchafu. Jambo kubwa la kufahamu juu yake ni kwamba hawezi kujitengenezea asidi za mafuta anazozihitaji. Lazima azipate kwenye mafuta ya ngozi yako. Ndiyo maana anapenda paji la uso, kifua na mgongo, mahali ambapo tezi za mafuta ni nyingi. Bakteria wanaoishi pamoja naye na kinga ya mwili humzuia asizidi. Kizuizi hicho kikilegea, huongezeka ndani ya kinyweleo, na mwili hujibu kwa kuvimba na kuwasha.

Tuchukue mfano wa msichana wa chuo jijini Dar es Salaam. Alianza na chunusi halisi mashavuni, akaandikiwa doksisaikilini, miligramu 100 kwa siku. Mashavu yakatulia. Mwezi wa pili, katikati ya joto la Januari, vipele vidogo vikaanza kujaa kwenye paji la uso, chini ya wigi analovaa kutwa. Akarudi kulalamika kwamba chunusi zimehama. Akaongezewa vidonge na kupewa jeli ya klindamaisini ya kupaka. Wiki chache baadaye vipele vimeshuka hadi kifuani, na usiku anajikuna.

Vidonge vile vilifanya kazi yake sawasawa: viliua bakteria. Lakini antibayotiki haimgusi fangasi. Bakteria waliokuwa wakigombea naye nafasi walipopungua, yeye alibaki na uwanja mpana, na joto, jasho na wigi lililobana vikampa unyevu anaoupenda. Kuongeza antibayotiki kukaongeza tatizo lilelile. Hiki ndicho kidokezo chenye nguvu kuliko vyote: chunusi inayozidi wakati mtu yuko kwenye dozi ya antibayotiki, kwa sura ya vipele vinavyolingana na kuwasha, inapaswa kumfanya daktari afikirie fangasi.

Kosa la pili hufanyika nyumbani. Ngozi iliyokaushwa na dawa za chunusi hubabuka, na mwenyewe huituliza kwa mafuta ya nazi, ya zeituni au losheni nzito. Mafuta ya nazi yamejaa asidi ya lauriki, na asidi hiyo ni miongoni mwa zile Malasezia anazoweza kuzitumia kama chakula. Hata yale ya nywele hushuka hadi kwenye paji kwa jasho. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato hayamlishi, ingawa yakipakwa mazito hufunika jasho. Glisirini iliyochanganywa na maji ni salama zaidi kwa ngozi kavu ya aina hii.

La tatu ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa kuwa linauzwa waziwazi. Ni mirija ya dawa yenye vitu vitatu kwa pamoja: dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali. Siku za kwanza mwasho hukata na uwekundu hushuka, kwa hiyo mtu husifu dawa. Kilichofanyika ni steroidi kunyamazisha kinga. Ukiacha kupaka, vipele hurudi kwa wingi, na ukiendelea, ngozi ya uso huwa nyembamba na steroidi yenyewe huanza kuzalisha vipele vinavyofanana na hivi. Krimu za kujichubua zenye steroidi huleta balaa hilohilo.

Benzoili peroksaidi na asidi ya salisiliki hazimlishi fangasi, hivyo zisitiwe kundi moja na hizo. Tatizo lake ni kwamba hazitoshi kumwondoa, na mtu anayezizidisha kwa hasira hubakia na ngozi iliyochubuka juu ya vipele vilevile.

Uhakika hupatikana kwa kipimo rahisi. Daktari wa ngozi hukwangua au kufungua kipele kimoja, huweka kilichotoka kwenye kioo, hudondoshea potasiamu haidroksaidi na kutazama kwa darubini. Akiona chembe nyingi za mviringo zinazochipua, jibu limepatikana. Kipimo hiki kina faida nyingine: harara ya joto, maambukizi ya bakteria kwenye vinyweleo na vipele vya steroidi vyote huweza kufanana na fangasi kwa macho.

Tiba huanza kwa kuacha kinachomnufaisha fangasi, baada ya kuzungumza na aliyekuandikia. Kisha kuna shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, ileile ya mba. Hupakwa povu lake kwenye paji, kifua na mgongo, likaachwa dakika tano hadi kumi, macho yakikingwa, halafu likasuuzwa. Hufanywa kila siku au siku moja baada ya nyingine kwa wiki mbili hadi nne. Kwa kuwa fangasi amejificha ndani ya kinyweleo, kuna watu ambao dawa ya kupaka haiwafikishi mbali. Hao huandikiwa vidonge vya itrakonazoli au flukonazoli. Msivinunue kwa kubahatisha, maana vinaweza kudhuru ini, havifai kwa mjamzito bila uamuzi wa daktari, na vinagombana na dawa nyingi. Griseofalvini, ambayo wengi huijua kwa mapunye ya watoto, haimfanyi chochote Malasezia.

Msichana wetu akitibiwa hivi, mwasho hupungua kwanza, vipele hufuata. Chunusi zake za mashavuni zinaweza kurudi, kwa sababu mtu mmoja huweza kuwa na vyote viwili, na hapo kila kimoja kitahitaji dawa yake. Fangasi naye hurudi kwa urahisi, kwa hiyo wengi huendelea na shampuu mara moja kwa wiki, hasa miezi ya joto, na kuvua wigi au kofia ngumu kila wanapoweza.

Kama uko kwenye antibayotiki ya chunusi na paji limejaa vipele vidogo vinavyowasha, usikubali dozi nyingine kabla kipele kimoja hakijakwanguliwa na kutazamwa kwa darubini.