Pakiti Ndani ya Pakiti: VPN Inavyosafirisha Data, na Kwa Nini Proksi Si VPN

Tarehe 1 Julai 2018 Waganda waliamka wakakuta Facebook, WhatsApp na Twitter hazifunguki kwenye simu zao. Ili zifunguke, kila mtumiaji alitakiwa kulipa kodi ya shilingi 200 za Uganda kwa siku kupitia kampuni yake ya simu. Haukupita muda, watu wengi wakapakua programu za VPN, wakaziwasha, na mitandao ile ikafunguka bila kodi kulipwa.

Lango la kampuni za simu lilikuwa bado lipo na bado lilikuwa likizuia. Kilichobadilika ni umbo la vitu vilivyokuwa vikipita mbele yake.

Kila kinachotoka kwenye simu kwenda intaneti hukatwakatwa kuwa pakiti ndogo. Kwa kawaida pakiti moja haizidi baiti 1,500. Mwanzoni mwake hubeba kichwa, na ndani ya kichwa hicho mna anwani mbili za IP: ya simu inayotuma na ya seva inayopelekewa. Kampuni ya simu lazima isome anwani hizo, la sivyo haitajua pakiti iende wapi. Hata pale ambapo maudhui yamefichwa na HTTPS, anwani ya seva hubaki wazi, na mara nyingi jina la tovuti nalo husomeka katika ujumbe wa kwanza wa kuanzisha mawasiliano. Lango la kodi lilihitaji hayo tu: likiona pakiti inaelekea Facebook, na mwenye simu hajalipa, linaitupa.

VPN huingilia kati kabla pakiti haijatoka kwenye simu. Mfano mzuri ni WireGuard, itifaki iliyobuniwa na Jason Donenfeld na kuingizwa rasmi katika kiini cha Linux mwaka 2020. Ikiwashwa, simu hupata kiunganishi kipya cha mtandao, kisicho na waya wala redio, ambacho kwenye Linux mara nyingi huitwa `wg0`. Programu zote huona kiunganishi hicho kama mtandao wa kawaida. WhatsApp hutengeneza pakiti yake kama siku zote, ikiwa na anwani ya mtumaji, tuseme 10.8.0.2, na anwani ya seva ya WhatsApp, kisha huikabidhi.

Hapo ndipo kufungasha kunapoanza. WireGuard huichukua pakiti nzima, kichwa na maudhui, na kuigeuza kuwa fumbo kwa ufunguo ambao simu na seva ya VPN zimekubaliana muda mfupi uliopita. Mbele ya fumbo hilo huweka kichwa chake chenye baiti 16, kinachoonyesha aina ya ujumbe, namba ya mpokeaji na namba ya mfuatano. Nyuma yake huweka muhuri wa baiti 16, unaomwezesha mpokeaji kugundua kama kuna aliyegusa hata herufi moja njiani. Mzigo huo wote hutiwa ndani ya ujumbe wa UDP, wenye kichwa cha baiti 8, na mwisho kabisa huvikwa kichwa kipya cha IP cha baiti 20. Kichwa hiki kipya kina anwani halisi ya simu na anwani ya seva ya VPN, basi. WhatsApp haitajwi popote.

Kwa hiyo pakiti ya ndani yenye baiti 1,420 hutoka nje ikiwa na baiti 1,480. Lango linasoma kichwa cha nje, linaona safari ya kwenda kwenye seva fulani ng'ambo, na linairuhusu. Seva hiyo hukagua muhuri, hufumbua fumbo na kuipata pakiti ya awali ikiwa kamili. Kisha huondoa ile anwani ya 10.8.0.2, ambayo haitambuliki kwenye intaneti, huweka ya kwake, na kuipeleka WhatsApp. Jibu hurudi kwa njia hiyohiyo, likifungashwa upya kuelekea kwenye simu.

Proksi nayo husimama katikati, lakini haibebi pakiti ya mtu. Kivinjari kilichoelekezwa kwenye proksi hufungua mawasiliano ya TCP na proksi yenyewe, kisha huiomba hivi:

```
CONNECT example.com:443 HTTP/1.1
```

Proksi husoma ombi, hufungua mawasiliano yake yenyewe na tovuti hiyo, na kuanzia hapo humimina data kutoka upande mmoja hadi mwingine. Pakiti zilizotoka kwenye simu huishia kwenye proksi. Zinazofika kwenye tovuti ni nyingine kabisa, zilizotengenezwa na proksi. Tovuti huona anwani ya proksi, kama ambavyo ingeona ya seva ya VPN, na ndiyo sababu wengi hudhani vitu hivi viwili ni kimoja.

Tofauti huonekana mahali pengine. Proksi hutumikia programu iliyoelekezwa kwake tu: kivinjari kikipita huko, programu nyingine hupita njia ya kawaida. Pia proksi ya kawaida haifichi ombi lile. Jina la tovuti huandikwa wazi, na lango kama lile la Uganda lingeweza kulisoma. Zipo proksi zinazosimba mawasiliano yake, ila hata hizo hufanya kazi kwa kila muunganisho wa programu, si kwa kila pakiti ya kifaa.

VPN nayo ina mipaka yake. Anwani ya seva yake iko wazi, na pakiti za data za WireGuard huanza na baiti yenye thamani ya 4 ikifuatwa na sifuri tatu, alama ambayo mashine inaweza kuitambua. Hivyo anayetaka kuzuia VPN anaweza kujaribu. Vilevile, baiti za nje huhesabiwa kwenye bando kama baiti nyingine yoyote. Uganda ilipoiondoa kodi ya kila siku Julai 2021 na kuweka asilimia 12 kwenye data ya intaneti, VPN haikuwa tena njia ya kukwepa. Zaidi ya hapo, mwenye seva ya VPN sasa huona anwani zote ambazo kampuni ya simu ilikuwa ikiziona.

Hitilafu inayosumbua zaidi hutokana na zile baiti 60 za ziada. Pakiti ya nje ikizidi ukubwa unaokubalika njiani, hukatwa vipande au hutupwa. Dalili yake ni ya ajabu: ujumbe mfupi unapita, lakini kurasa kubwa zinaanza kufunguka kisha zinaganda. Kwenye Linux, ikiwa anwani ya ndani ya seva ni 10.8.0.1, kipimo ni hiki:

```
ping -M do -s 1392 10.8.0.1
```

Baiti 1,392, ukijumlisha 28 za vichwa vya ping, ni 1,420. Lisipokuja jibu, namba hupunguzwa hadi lije, kisha hujumlishwa 28 na kuwekwa kama MTU ya `wg0`.

Ambaye hana uhakika kama alichonacho ni VPN au proksi anaweza kuangalia anwani yake ya IP kwenye kivinjari, kisha aiangalie tena kwa programu nyingine isiyohusiana na kivinjari hicho. Kwa VPN inayobeba kifaa kizima, majibu yote mawili yatakuwa anwani ya seva. Kwa proksi iliyowekwa kwenye kivinjari pekee, programu ya pili itaonyesha anwani iliyotolewa na kampuni ya simu.