Kiazi Kinapokunywa Maji

Wanafunzi wanakata viazi mbatata vipande, wanavimenya ganda lote, kisha wanavipima. Kipande cha gramu 2.50 kinalowekwa katika maji matupu, cha gramu 2.40 katika maji yenye sukari nyingi. Kesho yake cha kwanza kina gramu 2.80 na ni kigumu. Cha pili kimeshuka hadi 1.92, kinapindika kama mpira.

Kwa kuwa vipande havikulingana tangu mwanzo, jedwali lisiishie kwenye gramu. Badiliko hugawanywa kwa uzito wa mwanzo, kisha huzidishwa kwa 100: 0.30 ÷ 2.50 × 100 ni ongezeko la asilimia 12. Cha pili, −0.48 ÷ 2.40 × 100, ni −20. Alama ya kutoa isisahaulike, maana ndiyo inayoonyesha maji yalielekea wapi.

Utando wa seli hupitisha maji kwa urahisi lakini huizuia sukari. Hivyo maji mengi zaidi huelekea upande wenye sukari na chumvi nyingi: ndani ya kiazi katika bakuli la kwanza, nje katika la pili. Hiyo ndiyo osmosisi.

Kipande kisipofutwa vizuri kabla ya kupimwa, maji ya juu juu huhesabiwa kana kwamba yaliingia ndani.