Riba ya Miezi Iliyopita: Nani Alipe Kodi Yake?

Mtu akinunua hatifungani ya serikali kwenye mnada wa Benki Kuu ya Tanzania, siku ile inapotolewa kwa mara ya kwanza, hesabu yake ni nyepesi. Analipa bei, anasubiri miezi sita, anapokea riba. Riba yote ni yake kwa sababu siku zote za kipindi hicho alikuwa yeye ndiye mwenye mali. Shida huanza pale hatifungani inapohama mkono katikati ya kipindi. Serikali hailipi riba kila siku. Inalipa mara mbili kwa mwaka, kwa tarehe zilizopangwa tangu mwanzo, na inamlipa yule ambaye jina lake limo kwenye daftari siku hiyo. Daftari halijui kwamba kati ya siku 184 za kipindi, mwenye jina hilo ameimiliki hatifungani kwa siku 46 tu.

Tuchukue mfano wa watu wawili wa nyanda za juu za Kigoma. Muuzaji ni mfanyabiashara wa maharage wa Kibondo ambaye anataka fedha taslimu kabla ya msimu wa kununua mazao. Mnunuzi ni mwalimu mstaafu wa Kasulu mwenye mafao ya mkupuo mkononi. Hawahitaji kuonana. Kila mmoja ana akaunti ya dhamana za serikali inayotunzwa kwa kompyuta kwenye hifadhi ya Benki Kuu, na kila mmoja anatoa maelekezo yake kupitia benki au dalali. Mauziano yenyewe yanapita Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hakuna cheti cha karatasi kinachosafirishwa kutoka Kibondo.

Hatifungani yao ni ya miaka 2, thamani yake shilingi 20,000,000, na riba ni asilimia 8 kwa mwaka. Kiwango hicho nimekichagua ili hesabu isitusumbue. Kila nusu mwaka basi inalipa shilingi 800,000, tarehe 12 Machi na tarehe 12 Septemba. Wawili hawa wanakubaliana bei ya 98.50 kwa kila 100, na malipo yanakamilika tarehe 28 Julai.

Kutoka 12 Machi hadi 28 Julai ni siku 138. Kipindi kizima, 12 Machi hadi 12 Septemba, kina siku 184. Mfanyabiashara wa Kibondo ameimiliki hatifungani kwa robo tatu ya kipindi, kwa hiyo robo tatu ya riba inayokuja ni jasho la fedha zake: shilingi 600,000. Hiyo ndiyo riba iliyolimbikizwa. Kwa kuwa tarehe 12 Septemba riba nzima itaingia kwa mwalimu, mwalimu anamlipa mwenzake sehemu hiyo mapema, siku ya kununua. Ni kama anayenunua shamba lenye maharage yanayokaribia kuvunwa: halipi ardhi tu.

Ndiyo maana mwalimu aliyeambiwa bei ni 98.50 anashangaa kuona karatasi ya mauziano inamdai shilingi 20,300,000. Bei ya 98.50 ni bei safi, isiyo na riba ndani yake, nayo ni shilingi 19,700,000. Ukiongeza 600,000 unapata bei kamili, ambayo ndiyo inayotoka kwenye akaunti, kabla ya ada za dalali na soko. Soko hutangaza bei safi kwa sababu nzuri. Bei kamili hupanda kidogo kila siku na kuporomoka siku riba inapolipwa, hata kama maoni ya watu juu ya hatifungani hiyo hayajabadilika hata kidogo. Anayefuatilia bei kamili atadhani soko limeanguka tarehe 12 Septemba, kumbe riba imelipwa tu.

Mpaka hapo hakuna aliyedhulumiwa. Kodi ndiyo inayoleta utata, na hapo ndipo ningependa wasomaji wangu watulie kidogo.

Riba ya hatifungani ya miaka 2 hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Kodi hiyo inakatwa siku ya malipo, juu ya riba nzima, kwa mwenye jina kwenye daftari. Tarehe 12 Septemba mwalimu anapata shilingi 720,000 badala ya 800,000. Shilingi 80,000 zimekwenda serikalini. Sasa tumhesabie. Alilipa 600,000 mwezi Julai, amepokea 720,000, kwa hiyo amebakiwa na 120,000. Lakini riba aliyoichuma kwa siku zake 46 ni 200,000, na asilimia 10 yake ni 20,000. Alipaswa kubakiwa na 180,000. Zimepungua 60,000.

Hizo 60,000 ni kodi ya mfanyabiashara wa Kibondo. Yeye alipokea 600,000 kamili mwezi Julai, bila makato, na hakuna mtu aliyerudi kumdai. Serikali haijapoteza kitu wala haijazidishiwa. Imepata 80,000 zake kama inavyostahili kwa riba ya 800,000. Kosa liko kati ya watu wawili. Mwalimu amelipa kodi ya shilingi 80,000 kwa chumo la shilingi 200,000, yaani asilimia 40, ilhali sheria ilikusudia 10.

Kosa hili ni gumu kulitambua kwa sababu kila karatasi, ukiitazama peke yake, iko sahihi. Karatasi ya mauziano imehesabu siku vizuri. Taarifa ya malipo ya Septemba imekata asilimia 10 sawasawa. Ni pale unapoziweka hizo mbili pamoja ndipo unaona kwamba ya kwanza ilihesabu riba kabla ya kodi, na ya pili ikalipa riba baada ya kodi.

Dawa yake ni kuhesabu riba iliyolimbikizwa ikiwa imeshatolewa kodi. Badala ya 600,000, mnunuzi anamlipa muuzaji 540,000, na anabaki na ile 60,000 ili ifidie kodi itakayokatwa kwake Septemba. Jumla inakuwa 20,240,000. Jaribu tena hesabu: Septemba mwalimu anapokea 720,000, anatoa 540,000 alizolipa, anabakiwa na 180,000, ndiyo haki yake hasa. Mfanyabiashara naye ana 540,000, yaani 600,000 iliyotozwa asilimia 10. Kila mmoja amebeba kodi ya siku zake.

Ikiwa mfumo au dalali anahesabu riba iliyolimbikizwa bila kutoa kodi na haiwezekani kubadilisha, marekebisho yanaweza kupita kwenye bei safi. Shilingi 60,000 juu ya hatifungani ya 20,000,000 ni 0.30 kwa kila 100, kwa hiyo bei ya 98.50 ingeshushwa hadi 98.20. Matokeo ni yale yale. Ila jambo hili lazima lisemwe wakati wa kupatana, kabla oda haijaingia sokoni, kwa sababu baada ya mauziano kukamilika hakuna anayelazimika kumrudishia mwenzake. Na tarehe ya kununua ina uzito: ukinunua wiki moja baada ya riba kulipwa, kodi unayorithi ni ndogo mno, ukinunua wiki moja kabla ya riba, unarithi karibu yote.

Lipo kosa la pili, linalotokana na kutaka kurekebisha la kwanza. Mtu anamkata muuzaji 60,000 na kuziita kodi ya zuio, kisha anazipeleka Mamlaka ya Mapato. Septemba inakatwa 80,000 nyingine. Riba ya 800,000 sasa imelipiwa kodi ya 140,000. Ile 60,000 anayobaki nayo mnunuzi si kodi anayoikusanya kwa niaba ya serikali. Ni sehemu ya kupatana bei, na inakaa mfukoni mwake kusubiri makato yatakayomfikia.

La tatu huwaumiza wauzaji zaidi, nalo linahusu hatifungani za muda mrefu. Riba ya zile zinazotolewa kwa miaka 5 na kuendelea hadi 25 imesamehewa kodi hiyo. Kwa hizo, riba iliyolimbikizwa hulipwa nzima bila kupunguzwa chochote, kwa sababu hakuna makato yanayomsubiri mnunuzi. Chukua hatifungani ya miaka 25 ya mwaka 2021, yenye riba ya asilimia 15.95. Kwa shilingi 20,000,000 inalipa 1,595,000 kila nusu mwaka. Ikiuzwa katikati kabisa ya kipindi, riba iliyolimbikizwa ni 797,500. Mnunuzi akidai kutoa asilimia 10 kwa mazoea ya hatifungani fupi, muuzaji anapoteza 79,750 kwa kodi isiyokuwepo.

Kinachoamua msamaha ni muda ambao hatifungani ilitolewa nao, si muda uliobaki. Hatifungani ya miaka 10 iliyobakiza miezi 14 bado ni ya miaka 10. Nasisitiza hili kwa sababu mstaafu anayetafuta kitu cha muda mfupi mara nyingi huonyeshwa hatifungani ndefu inayokaribia kuiva, naye hudhani inatozwa kodi kama ile ya miaka 2. Masharti ya kodi yameandikwa kwenye waraka wa kutolewa kwa hatifungani husika, na huo ndio wa kuusoma, kwani sheria za fedha hubadilika na toleo la mwaka mmoja linaweza kuwa na masharti tofauti na la mwaka mwingine.

Kwa hiyo, karatasi ya mauziano ikifika, tafuta tarehe ya riba iliyopita na tarehe ya malipo ya mauziano yako. Hesabu siku zilizo kati yake mwenyewe, kwa kalenda. Angalia kwamba zimehesabiwa hadi siku fedha zinapobadilishana na hatifungani, si siku mlipopatana kwa simu. Ukizidisha riba ya nusu mwaka kwa siku hizo, kisha ukagawa kwa siku za kipindi, ukipata tofauti ya shilingi elfu chache, yawezekana mwenzako ametumia siku za mwaka mzima badala ya za kipindi, muulize. Tofauti ikiwa asilimia 10 kamili, basi kuna aliyetoa kodi, na ni lazima ujue kama ni halali kwa hatifungani hiyo.

Kwa chama cha akiba na mikopo kinachoweka ziada yake kwenye hatifungani, suala linaingia pia vitabuni. Shilingi 600,000 zilizolipwa Julai haziongezwi kwenye gharama ya hatifungani wala kuandikwa kama hasara. Zinakaa kama riba inayodaiwa, na Septemba zinafutwa na malipo yanayoingia. Mapato ya riba ya kipindi hicho ni 200,000. Mhasibu akiandika 800,000, wanachama wataonyeshwa faida ambayo haipo, na gawio likitolewa juu yake litatoka kwenye mtaji wao wenyewe.

Malipo yatakayofuata, ya 12 Machi, hayana mzozo. Kipindi hicho kina siku 181, mwalimu anakimiliki chote, na makato yote ya 80,000 ni yake kihalali. Akiamua kuuza kabla ya hapo, yeye ndiye atakuwa upande wa Kibondo, na mgawanyo wa siku utafanywa kwa 181, si 184.