Nyumbu wa Serengeti na hesabu ya nyasi

Mwaka 1961 nyumbu waliohesabiwa kutoka angani katika mbuga za Serengeti walikuwa takribani 263,000. Miaka kumi baadaye walikuwa 693,000. Kufikia 1977 walikaribia milioni moja na laki nne na nusu. Tangu hapo wamekuwa wakipanda na kushuka kidogo, na mara nyingi wamekaa kwenye milioni moja na laki mbili au tatu. Kundi lililoongezeka zaidi ya mara tano katika miaka kumi na sita lilitulia, bila mtu yeyote kuliambia lisimame.

Chanzo cha ongezeko lile kinajulikana vizuri. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ukaua ng'ombe wa wafugaji na wanyamapori wanaocheua. Uliendelea kukaa ndani ya makundi ya nyumbu kwa miongo, ukiwashika hasa ndama ambao kinga waliyoipata kwa mama zao ilikuwa imekwisha. Miaka ya 1950 ng'ombe waliozunguka Serengeti walianza kuchanjwa, na chanjo bora zaidi ikatengenezwa Muguga, Kenya, na daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake. Ng'ombe walipokuwa salama, virusi havikuwa na pa kujificha. Kufikia 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa punda milia. Hao hawacheui, na sotoka haiwaui. Nyati na nyumbu waliongezeka kwa kasi, lakini punda milia walibaki vilevile.

Hilo linaeleza kwa nini nyumbu waliongezeka. Kwa nini waliacha kuongezeka ni swali jingine, na jibu lake limo katika mlinganyo mmoja mfupi ulioandikwa na Mbelgiji Pierre-François Verhulst mwaka 1838.

Tuuite N wingi wa nyumbu, na t muda kwa miaka. Kama chakula kingekuwa hakina mwisho, kila nyumbu angechangia ongezeko lilelile mwaka hadi mwaka. Kasi ya ongezeko la kundi zima ingekuwa rN, ambapo r ni mchango wa kila mnyama baada ya kutoa vifo kwenye vizazi. Huo ndio ukuaji wa kipeo. Tukichukua r kuwa 0.15, nyumbu 263,000 wa mwaka 1961 wangekuwa zaidi ya milioni 23 kufikia 1991. Serengeti haina nyasi za kulisha idadi hiyo.

Verhulst aliongeza breki. Alidhani kwamba mchango wa kila mnyama unapungua kadiri nafasi inavyojaa, hadi unafika sifuri kundi linapofika idadi fulani, K. Herufi hiyo inasimama badala ya uwezo wa mazingira kubeba: idadi ambayo nchi inaweza kuilisha mwaka hadi mwaka bila kundi kukua wala kupungua. Mlinganyo wake, unaoitwa wa lojistiki, ni huu:

dN/dt = rN(1 − N/K)

Upande wa kushoto ni kasi ya ongezeko. Kwenye mabano kuna sehemu ya nafasi iliyobaki. Nyumbu wakiwa wachache, mabano yanakaribia 1 na kundi linakua kama vile hakuna ukomo. Wakifika nusu ya K, mabano ni nusu, na hapo ndipo kundi zima linapoongezeka kwa kasi kuliko wakati wowote. Wakifika K, mabano ni sifuri.

Mlinganyo huu unatupa kasi tu. Tunachotaka ni idadi yenyewe kwa mwaka wowote, na hapo ndipo wanafunzi wengi wa kidato cha sita hukwama. Hatua ya kwanza ni kupeleka kila chenye N upande mmoja na muda upande mwingine:

K / [N(K − N)] dN = r dt

Kulia ni rahisi. Kushoto, asili ya sehemu ina vitu viwili vilivyozidishana, N na K − N, na hakuna njia ya moja kwa moja ya kujumlisha mabadiliko madogo madogo ya kitu cha namna hiyo. Lakini sehemu hiyo moja inaweza kuvunjwa kuwa sehemu mbili nyepesi, kila moja ikiwa na asili yake. Tuseme:

K / [N(K − N)] = a/N + b/(K − N)

Tafuta a na b. Zidisha pande zote kwa N(K − N), upate K = a(K − N) + bN. Usawa huu lazima ushike kwa kila thamani ya N, kwa hiyo tuna uhuru wa kuchagua thamani zinazoturahisishia. Weka N = 0: inabaki K = aK, hivyo a ni 1. Weka N = K: inabaki K = bK, hivyo b nayo ni 1. Tumepata:

K / [N(K − N)] = 1/N + 1/(K − N)

Kwangu hapa ndipo penye uzuri wa hesabu hii, na ni pahali ambapo vitabu vingi hupapita mbio. Sehemu ya kwanza inawahusu nyumbu waliopo. Ya pili inahusu nafasi iliyo wazi. Mambo mawili yaliyokuwa yamefungamana ndani ya asili moja sasa yamesimama kila moja peke yake, na kila moja inajumlishwa kwa logi asilia:

ln N − ln(K − N) = rt + c

Angalia alama ya kutoa. Inatokea kwa sababu K − N hupungua N inapoongezeka. Anayeisahau na kuandika kujumlisha atapata kwamba N ikizidishwa kwa K − N inakua kwa kipeo bila mwisho. Hilo haliwezekani, kwa sababu zao la N na K − N haliwezi kamwe kuzidi robo ya K mara K. Ukifika mahali hapo, rudi kwenye alama.

Tukiondoa logi, tunabaki na kauli hii, ambapo N₀ ni idadi ya mwanzo:

N/(K − N) = [N₀/(K − N₀)] e^(rt)

Yaani uwiano kati ya nafasi iliyokaliwa na nafasi iliyo wazi hukua kwa kipeo, bila breki yoyote. Ukuaji ule usio na ukomo haukufutwa na Verhulst. Umehamia kutoka kwenye idadi ya wanyama hadi kwenye uwiano. Uwiano unaweza kukua milele, huku idadi ikisogelea K bila kuipita.

Tuwarudie nyumbu. Nachukua K kuwa 1,300,000, kiwango walichokuja kutulia. Mwaka 1961 nafasi iliyokaliwa ilikuwa 263,000 na iliyo wazi 1,037,000, uwiano wa 0.254. Mwaka 1971 waliopo ni 693,000 na nafasi wazi 607,000, uwiano wa 1.142. Uwiano umekua mara 4.5 katika miaka kumi. Logi asilia ya 4.5 ni 1.50, gawa kwa miaka kumi, r ni 0.15 kwa mwaka. Ukiipanga upya kauli ile ya uwiano ili N ibaki peke yake, unapata:

N = 1,300,000 / (1 + 3.94 e^(−0.15t))

Ile 3.94 ni nafasi wazi ya mwaka 1961 kugawa kwa nyumbu wa mwaka huohuo. Tumetumia hesabu ya miaka miwili tu, kwa hiyo tujaribu na miaka ambayo hatukuitumia. Kwa 1965, t ni 4, na kanuni inatoa takribani 411,000. Waliohesabiwa walikuwa 439,000. Kwa 1967 inatoa 499,000. Waliohesabiwa walikuwa 483,000. Kwa kazi ya kuhesabu wanyama kutoka kwenye ndege, huo ni ukaribu wa kuridhisha.

Kisha unakuja 1977. Kanuni inasema takribani 957,000. Ndege zilikuta zaidi ya 1,400,000. Kosa hilo ni kubwa mno kulilaumu juu ya uhesabuji. Tena, idadi hiyo inapita K yenyewe, kwa hiyo K − N inakuwa hasi na logi yake haipo kabisa.

Kuna njia ya kuona tatizo lilianzia wapi. Badala ya idadi, tazama ongezeko kwa kila mnyama, ambalo kwa mujibu wa mlinganyo lazima lipungue kundi linapokua. Kati ya 1961 na 1965 lilikuwa karibu asilimia 13 kwa mwaka. Kati ya 1965 na 1971 lilishuka hadi karibu 8, kama Verhulst angetarajia. Kati ya 1971 na 1977 lilipanda tena hadi karibu 12, ingawa nyumbu walikuwa wengi zaidi. Breki ilikuwa imelegezwa. Mlinganyo una sehemu moja tu ya breki, nayo ni K, na K ilikuwa imeongezeka.

Iliongezwa na mvua. Kuanzia 1971 hadi 1976 mvua za miezi ya kiangazi zilikuwa nyingi kuliko kawaida, nyasi mbichi zikapatikana katika miezi ambayo kwa kawaida ni ya njaa. Watafiti Simon Mduma, Anthony Sinclair na Ray Hilborn, walipokusanya rekodi za miaka arobaini na kuzichapisha mwaka 1999, walionyesha kuwa kinachowadhibiti nyumbu ni chakula cha kiangazi kwa kila mnyama. Simba na fisi huwakamata, lakini wengi wa wanaokufa tayari wamedhoofika kwa njaa. Mwaka 1993 ukame mkali ulipopiga, kundi lilishuka chini ya milioni moja, kisha likapanda tena mvua ziliporudi.

Kwa hiyo K ya Serengeti haipimwi kwa ukubwa wa mbuga kwenye ramani. Mvua za masika zinapostawisha nyanda za kusini, chakula ni kingi kuliko wanachoweza kukila nyumbu wote. K inaamuliwa kaskazini, katika wiki chache za Agosti hadi Oktoba, na nyasi zilizobaki kando ya Mto Mara pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya. Uzio ukiwazuia kufika huko, nyumbu watazaa vilevile mwezi Februari, r haitabadilika, na nyanda za kusini zitaonekana zimejaa neema kama kawaida. Kitakachoshuka ni K.