Manukuu yanayosomeka

Mhadhiri wa biolojia anayezungumza haraka humpa taabu mwandaaji wa manukuu, hasa kwa Kiswahili, ambacho neno lake moja, kama "vinapoingia", huchukua nafasi kubwa kwenye kioo. Ndiyo maana kasi ya kusoma hupimwa kwa herufi, si kwa maneno. Kanuni inayotumiwa na wengi ni herufi 17 kwa sekunde, nafasi na alama zikihesabiwa, katika mistari isiyozidi miwili yenye herufi 42 kila mmoja.

Tuseme kwenye rekodi ya somo la malaria anasikika akisema: "Sasa, yule mbu jike, yaani mbu jike wa anofelesi, yeye huuma zaidi usiku, sawa?" Hizo ni herufi 79, zimesemwa kwa sekunde 4, karibu 20 kwa sekunde. Anayeanza kazi hii hukimbilia kuikata sentensi vipande viwili. Haisaidii kitu: kila kipande hupata nusu ya maneno na nusu ya muda, kasi ikabaki ileile. Dawa ni kupunguza maneno au kuongeza muda.

Hapa kupunguza kunatosha. "Sasa", "yaani" na "sawa" ni vya mdomo tu, wala mwanafunzi hapotezi chochote vikiondoka:

```
148
00:12:41,200 --> 00:12:45,200
Mbu jike wa anofelesi
huuma zaidi usiku.
```

Hayo ndiyo maandishi yanayokaa ndani ya faili ya SRT: namba, saa ya kuanza na ya kumaliza, kisha maneno. Tarakimu tatu baada ya mkato ni sehemu za elfu za sekunde. Mstari umekatwa pale kiima kinapoishia. Ukikatwa baada ya "wa", jicho hubaki likingoja.

Kazi huwa ngumu pasipokuwa na cha kupunguza: "Vimelea huenda kwenye ini kwanza, hukomaa humo, kisha huingia kwenye chembe nyekundu za damu." Kila neno hapo ni somo. Ni herufi 93, kwa hiyo mistari miwili haitoshi, na zimesemwa kwa sekunde 4.5 ilhali msomaji anahitaji karibu 5.5. Mwandaaji hutazama umbo la mawimbi ya sauti chini ya picha na kuona kimya cha sekunde moja na zaidi, mhadhiri akigeukia ubao. Kipande cha kwanza hukomea kwenye "humo" na hubaki hadi sekunde 2.8, cha pili huanza nusu sekunde nyuma ya sauti na kumalizikia ndani ya kimya hicho. Kuchelewa kiasi hicho huvumilika, lakini kukizidi, mtazamaji huona midomo na maandishi vikipishana.

Programu za Subtitle Edit na Aegisub huonyesha herufi kwa sekunde za kila kipande. Hata hivyo, jaribio la mwisho ni kuzima sauti na kusoma: mahali ambapo maandishi yanatoweka kabla jicho halijafika nukta, ndipo pa kurudi kurekebisha.