Kwa nini unajisikia ukichelewa kwenye hedifoni

Hosteli zetu siku hizi zina studio ndogo ndogo: laptopu, maiki, saundikadi ya nje ya USB na blanketi limetundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Kuna wanaorekodi podikasti, kuna wanakwaya, na sisi wa ualimu tunarekodi masomo ya kusikiliza. Wengi tunakutana na jambo moja: ukivaa hedifoni na kuanza kuongea, sauti yako inakufikia kwa kuchelewa, ulimi unaanza kujikwaa. Watu hukimbilia kubadili maiki au kebo. Haisaidii, maana chanzo hakipo huko.

Saundikadi huigeuza sauti kuwa namba, mara nyingi namba 48,000 kwa kila sekunde. Laptopu haizipokei moja moja. Inazikusanya kwanza kwenye bafa, kisha inazishughulikia kwa mkupuo. Ni kama daladala: haiondoki mpaka ijae. Ukubwa wa hiyo daladala ndio unaouona kwenye mipangilio kwa jina la `Buffer Size`, na programu nyingine huandika `Block Size`.

Hesabu yake ni nyepesi. Bafa ikiwa 1024, gawanya kwa 48,000, unapata kama milisekunde 21. Ila sauti inasubiri mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka kwenda hedifoni, kwa hiyo ni kama 43, na saundikadi yenyewe inaongeza kidogo. Bafa ya 128 inakupa kama milisekunde 5 tu kwa safari nzima, kabla ya hiyo nyongeza.

Milisekunde 43 zinaonekana si kitu, lakini sauti yako mwenyewe unaisikia papo hapo kupitia mifupa ya kichwa. Ile ya hedifoni ikija nyuma yake, unasikia watu wawili wanafukuzana. Hata ucheleweshaji mdogo zaidi, ambao husikiki kama mwangwi, unaweza kuiharibu sauti masikioni mwako: ikawa na uwazi fulani, kama unaongea ndani ya ndoo.

Sasa mtu atasema, si tuweke bafa ndogo kabisa yaishe? Mwenzetu mmoja alikuwa anarekodi hadithi ya watoto wa darasa la tatu kwa laptopu ya zamani. Alipochoka kujisikia akichelewa kwenye 1024, akashusha mpaka 64. Uchelewaji ukaisha, lakini zikaanza kusikika tiki-tiki katikati ya maneno. Kwa bafa ya 64, laptopu inapewa milisekunde 1.3 tu kumaliza kila mkupuo kabla mwingine haujafika. Ikichelewa, panabaki pengo, na pengo ndilo hiyo tiki.

Namna ya kujua kama zimeingia kwenye rekodi ni kusikiliza sehemu ileile mara mbili baada ya kupandisha bafa. Tiki zikibaki palepale, zimo ndani ya faili. Zikihama au zikipotea, zilikuwa za kusikiliza tu, kazi yako ni salama.

Alichofanya mwenzetu hatimaye ni kuacha kujisikiliza kupitia laptopu. Saundikadi nyingi zina swichi iliyoandikwa `Direct Monitor` au `Direct`, nyingine zina kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa `Mix`. Ukiiwasha, sauti ya maiki inatoka kwenye saundikadi moja kwa moja kwenda hedifoni, bila kupanda daladala. Hapo bafa irudishe 512 au 1024, laptopu ipumue. Kwenye programu ya kurekodia, zima kitufe cha kusikiliza maiki kwenye ile treki. Usipozima utajisikia mara mbili, na utadhani swichi haifanyi kazi. Kama unaimba juu ya mdundo, usiogope kwamba sauti itarekodiwa nyuma ya mdundo: programu nyingi za kurekodia huulizia ucheleweshaji wa saundikadi na kuirudisha rekodi mahali pake zenyewe.

Njia hii ina mpaka wake. Kwenye saundikadi za kawaida utajisikia mkavu, bila mwangwi ule wanaoupenda waimbaji. Anayeutaka huo wa kwenye programu lazima apitie laptopu, basi aanze na bafa ya 128, afunge kivinjari na programu nyingine, na zikisikika tiki apande 256. Pia, plagini za kuondoa kelele mara nyingi zina kusubiri kwao wenyewe, hata ushushe bafa vipi. Ukiona umeshusha mpaka 128 na bado unachelewa sana, zima plagini zote kwanza. Uchelewaji ukiondoka, ziwashe moja moja mpaka umpate mhusika, kisha mtumie baada ya kurekodi, si wakati wa kurekodi.